Barua moja kwa kazi 30

"Nimetuma barua ile ile kwa kazi 30 kwenye Upwork, tovuti ya kazi za mtandaoni, hakuna hata mmoja aliyejibu. Ni kwa sababu niko Goma?"

Sidhani, ndugu. Mteja akifungua orodha ya waombaji, huona mistari michache tu ya mwanzo ya kila barua. Yako ikianza na "Mimi ni mchapakazi mwenye uzoefu", na wengine kumi wameanza hivyo hivyo, akubonyeze kwa nini? Anayekushauri ushushe bei amepata nusu: bei ya chini haimfanyi mtu asome barua isiyomhusu.

Mimi niliomba kazi ya kuandika mahojiano ya sauti, Kiswahili cha Bukavu kilichochanganyika na Kifaransa. Nilijipa dakika kumi. Dakika tatu nilisoma tangazo mara mbili. Katikati mteja alikuwa ameficha agizo: anza kwa neno "ziwa". Wanaonakili hulikosa hilo. Dakika tano nikasikiliza sauti ya mfano aliyoiweka, nikaandika sekunde 40 za mwanzo na kuzibandika kwenye barua. (Usizidi hapo, utakuwa unamfanyia kazi ya bure.) Mbili zilizobaki nikatunga mwanzo: "Ziwa. Msemaji akisema 'tulipita avenyu ya chini', Kifaransa nikiache au nikitafsiri?" Habari zangu zilikuwa mstari mmoja, mwishoni kabisa, huo ndio ninaounakili.

Jioni alijibu. Kazi alimpa mwingine, lakini tuliongea. Hebu bandika hapa mistari yako miwili ya kwanza tuione.