Maswali na majibu: ArduPilot au nyingine kwa droni unayojiundia?

Wiki hii maswali mengi yanahusu jambo moja: droni imeshafungwa, mota zinazunguka, sasa bodi iwekewe programu gani? Nimeyachagua manne.

Nina bodi ya F722 niliyoitoa kwenye droni ya mbio ya inchi 5. Naweza kuiwekea ArduPilot ili isimame hewani na kurudi yenyewe? *(Msomaji, Kisauni)*

La, haitaingia. F722 ina kilobaiti 512 za kuhifadhi programu, na ArduPilot ya droni inataka angalau megabaiti 1. Hapo hakuna ujanja wa mipangilio.

Kwa bodi hiyo umebaki na Betaflight au INAV. Zote mbili zina asili moja, Cleanflight, lakini kila moja ilishika njia yake. Betaflight ni ya rubani mwenye rimoti mkononi muda wote. Hata GPS Rescue yake ni ya dharura: mawimbi yakikatika, droni ielekezwe ilikotoka. INAV ilijengwa kwa safari, yaani kusimama mahali pamoja, kupita vituo ulivyoviweka na kurudi. Kwa ulichokieleza, weka INAV. Kwanza hakikisha bodi ina baromita, maana bodi nyingi za mbio hazina, na uongeze GPS yenye dira ndani yake.

Ikiwa bado una nafasi ya kununua bodi nyingine na moyo wako uko kwa ArduPilot, tafuta H743 yenye megabaiti 2. F405 ina megabaiti 1; inaruka vizuri, ila baadhi ya uwezo hupunguzwa ili programu itoshe.

Nataka kupiga picha za mikoko ya Tudor kutoka juu na kuziunga ziwe ramani. ArduPilot au PX4? *(Msomaji, Mombasa)*

Zote zinaiweza kazi hiyo. Mimi ningechukua ArduPilot, kwa sababu inakubali bodi nyingi za bei nafuu, wakati PX4 imejikita zaidi kwenye bodi za aina ya Pixhawk. PX4 ningeichagua kama ungekuwa unafunga kompyuta ndogo juu ya droni na kuandika programu zako kwa ROS 2.

Kitu kitakachokufaa sana ni amri ya DO_SET_CAM_TRIGG_DIST. Ukiiandikia 12, kamera inapiga kila baada ya mita 12, sio kila baada ya sekunde kadhaa. Tofauti utaiona kwenye kona. Droni inapunguza mwendo ili igeuke, na kamera inayofuata saa itarundika picha hapo, halafu iache mapengo pale upepo unapoisukuma. Inayofuata umbali inaacha nafasi ile ile kutoka picha hadi picha. Pia kila pigo huandikwa kwenye kumbukumbu ya safari pamoja na mahali droni ilipokuwa, na hiyo utaihitaji unapounga ramani.

Tudor iko karibu na uwanja wa ndege wa Moi, kwa hiyo chukua ruhusa ya KCAA kabla hujabeba betri.

Nimehama kutoka Betaflight kwenda ArduPilot kwenye bodi ile ile. Nikipandisha tu inapinduka na kuvunja propela. Nimebadilisha propela mara tatu. Nini shida? *(Msomaji, Likoni)*

Usinunue propela nyingine kwanza. Karibu hakika ni hesabu ya mota.

Betaflight inaita mota ya nyuma kulia namba 1. ArduPilot inaita namba 1 ile ya mbele kulia. Nyaya zako zimefuata mpango wa Betaflight, programu mpya haijui. Kona ya mbele kulia ikiteremka kidogo, ArduPilot inaongeza nguvu namba 1 ili iinue, lakini inayopata nguvu ni ya nyuma kulia. Mbele inazidi kushuka, programu inazidi kuongeza, na kabla kidole chako hakijashusha nguvu, droni iko kifudifudi.

Toa propela zote. Fungua Mission Planner, ukurasa wa Motor Test, ubonyeze A. Inapaswa kuzunguka ya mbele kulia. B ni ya nyuma kulia, C ya nyuma kushoto, D ya mbele kushoto, yaani unazunguka kama mshale wa saa. Ukibonyeza A ikajibu ya nyuma kulia, tumeshaupata ugonjwa. Huna haja ya kuchomoa waya hata mmoja:

```
FRAME_CLASS,1
FRAME_TYPE,12
```

Namba 12 ni mpangilio wa Betaflight. Kama mota zako zilikuwa zimegeuzwa zizunguke kinyume, tumia 18. Zima bodi, iwashe tena, urudie A hadi D. Kisha ishike droni mkononi, uilaze kulia, uangalie kama upeo kwenye skrini unaonyesha umelala kulia kweli. Propela zirudi mwisho kabisa.

Msimu wa kusi droni yangu ya inchi 10 ilirudi Mtwapa betri ikiwa imekwisha, ikaanguka karibu na nyumbani. RTL, yaani amri ya kurudi nyumbani yenyewe, ilikuwa imewashwa. Je, nihamie programu nyingine? *(Msomaji, Mtwapa)*

Programu nyingine ingekurudisha kwenye upepo ule ule. Tatizo ni kwamba uliipima safari ya kwenda tu.

Tuseme droni yako mwendo wake wa juu hewani ni mita 14 kwa sekunde na kusi inavuma mita 8. Ulikwenda na upepo mita 800, kwa mita 10 kwa sekunde: sekunde 80. Kurudi unapata 14 ukitoa 8, yaani mita 6 kwa sekunde: sekunde 133, na mota zinakula umeme zaidi. Kwa ampea 25, hizo ni kama mAh 920. Kutua dakika moja kwa ampea 20 ni mAh 330. Ongeza akiba ya 1000 na unafika 2250. Kwa betri ya 5000, droni ianze kurudi ikiwa imebakiwa na 2300. ArduPilot inakuruhusu kuiandika hesabu hiyo moja kwa moja, mradi bodi inapima ampea na umeshailinganisha na chaja:

```
BATT_CAPACITY,5000
BATT_LOW_MAH,2300
BATT_FS_LOW_ACT,2
RTL_ALT,4000
```

Mstari wa tatu ndio unaoamuru kurudi. Ukiwa 0, droni inakuonya tu.

Mstari wa mwisho nimeuweka kwa sababu ya minazi. Katika matoleo ya 4.6, RTL_ALT huandikwa kwa sentimita, na kiwango kinachokuja nayo ni 1500, yaani mita 15. Droni iliyo chini ya hapo hupanda hadi mita 15 kisha hunyoosha kuja nyumbani. Mnazi mzee wa pwani unapita urefu huo bila shida. Mimi mwenyewe niliwahi kuiokota droni yangu chini ya mnazi, mkono mmoja umekatika, na kumbukumbu ya safari ikaonyesha RTL ilifanya kila ilichoambiwa.