Ng'ombe wa kunenepesha: piga hesabu ukianzia buchani, si mnadani

Msimu wangu wa kwanza nilinunua madume 12 kwenye mnada mmoja wilayani Kishapu, kila mmoja shilingi 700,000. Niliwalisha siku 90, wakanenepa kweli, majirani wakawa wanapita zizini kuwaangalia. Nilipowauza nilishika pesa nyingi mkononi, nikaamini nimepata. Baada ya wiki moja nilikaa na daftari la matumizi nikagundua kwamba kila ng'ombe alinipotezea shilingi 90,500. Ukizidisha kwa 12 ni shilingi 1,086,000, na lishe wala ugonjwa havikuhusika. Hasara ile niliinunua mnadani siku ya kwanza, kwa sababu sikujua bei yangu ya mwisho ya kununulia.

Bei hiyo inapatikana kwa kurudi nyuma kuanzia kwa mnunuzi wako. Nenda kwa wenye bucha watatu au wanne unaotarajia kuwauzia, uwaulize wananunuaje. Wengi wanafikiri kwa kilo ya nyama, yaani mzoga baada ya kuchinja. Ng'ombe wetu wa asili anayenenepeshwa hutoa mzoga wa karibu nusu ya uzito wake akiwa hai. Kwa hiyo bucha akikuambia mzoga atauchukua kwa 8,600 kwa kilo, kilo ya ng'ombe aliye hai ni 4,300. Waulize pia kama ng'ombe aliyenona wanamlipa zaidi kwa kilo kuliko aliyekonda. Wakisema bei ni ileile, usidharau jibu hilo. Nitaeleza kwa nini.

Chukua dume wangu wa mwaka ule. Alikuwa na kilo 180. Nilikadiria aongeze gramu 600 kwa siku, kiwango ambacho ng'ombe wa asili mwenye afya anakifikia kwa chakula kizuri. Kwa siku 90 hizo ni kilo 54, anafika 234. Safari na kukaa bila maji vinampunguza, basi nikahesabu kwamba atapimwa kilo 225. Mara 4,300 ni shilingi 967,500.

Sasa toa gharama. Alikula wastani wa kilo 7 kwa siku za mchanganyiko wa mashudu ya pamba, pumba, makapi ya pamba, molasi kidogo na chumvi. Kilo moja ya mchanganyiko ilinigharimu 350, hivyo ni 2,450 kwa siku na 220,500 kwa siku 90. Dawa za minyoo, za kuogeshea na chanjo 15,000. Mshahara wa kijana wa zizini, 150,000 kwa mwezi kwa miezi mitatu, ukigawanywa kwa ng'ombe 12 ni 37,500 kwa kila mmoja. Usafiri wa kuja na kwenda, ushuru na kibali cha kusafirisha mifugo 45,000. Riba ya mkopo kwa miezi mitatu 26,000. Na 14,000 ya tahadhari, maana kuna siku ng'ombe atakufa au atachinjwa kwa dharura. Jumla 358,000.

Ukitoa 358,000 kwenye 967,500 zinabaki 609,500. Hapo ndipo faida ni sifuri. Ukigawanya kwa kilo 180 unapata kama 3,390 kwa kilo hai. Mimi nililipa karibu 3,890.

Angalia tena hesabu ya chakula. Shilingi 220,500 kwa kilo 54 ni kama 4,080 kwa kila kilo iliyoongezeka, na kilo hiyo niliiuza 4,300. Kabla ya mshahara, usafiri na riba, nyama mpya ilikuwa imejilipia yenyewe kwa shida. Faida basi inabidi itoke kwenye zile kilo 180 za mwanzo: kuzinunua kwa bei ya ng'ombe aliyekonda na kuziuza kwa bei ya aliyenona. Ndiyo maana bucha anayelipa bei moja kwa wote anakuondolea biashara yote. Mtafute mwingine, au usianze.

Lakini kilo hizo 180 lazima uzijue, na mnadani watu wengi wanauza kwa macho. Kama hakuna mizani, beba futi ya cherehani. Zungusha kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele na ya nundu, kisha pima urefu kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya mfupa wa kalio. Zidisha kifua kwa kifua, kisha kwa urefu, vyote kwa sentimita, ugawanye kwa 10,840. Kifua cha 140 na urefu wa 100 vinakupa kilo kama 181. Ni makadirio, na tumbo lililojazwa maji asubuhi ya mnada linadanganya mizani na futi pia, kwa hiyo mimi hupunguza kilo kadhaa nikiona ubavu umevimba.

Umtazame pia kwa nini amekonda. Aliyekondeshwa na kiangazi, ana meno mawili au manne ya kudumu na macho angavu, hushika mwili haraka akipata chakula. Aliyekondeshwa na ndorobo au minyoo ya ini atakula mashudu yako bila kuongeza kitu mpaka atibiwe, na maksai mzee ataweka mafuta zaidi ya nyama.

Msimu wa pili niligeuza ratiba. Mashudu yanashuka bei wakati viwanda vinakamua mbegu za pamba baada ya mavuno, kwa hiyo nilinunua mwezi wa saba. Ng'ombe 12 kwa siku 90 wanahitaji karibu tani saba na nusu, nikakodi stoo kavu na kuinua magunia juu ya mbao, kwa kuwa mashudu yakiota ukungu ni sumu. Kilo ya mchanganyiko ikashuka hadi 290. Ng'ombe nikawanunua katikati ya mwezi wa tisa, malisho yamekwisha na wafugaji wanauza, ili siku 90 ziishie kabla ya Krismasi. Nikiwa nimeongeza 5,000 kwa kila ng'ombe kwa ajili ya stoo, bei yangu ya sifuri ilipanda hadi 642,300. Nikajiwekea kikomo cha 600,000. Minada miwili nilirudi bila kununua hata mmoja, dalali akinicheka. Wa tatu nikapata wote.

Kuna namba moja zaidi niliyoiandika kabla ya kununua: chakula cha siku moja kugawanywa kwa bei ya kilo. Kwa gharama mpya ni 2,030 kwa 4,300, yaani kama gramu 470. Ng'ombe akiongeza chini ya hapo kwa siku, chakula kinakula pesa badala ya kuzizalisha. Wiki mbili za mwanzo usizihukumu, bado anazoea chakula, na ukimwongezea pumba na molasi kwa pupa ataumwa tumbo. Baada ya hapo mpime kila siku 14, na ategemewe kuongeza walau kilo 6 na nusu. Futi inaweza kukosea kilo hizo kwa ng'ombe mmoja, kwa hiyo anayeonekana kubaki nyuma nilimpima mara mbili mfululizo kabla ya kuamua. Siku ya 70 madume wawili walikuwa wamesimama vipimo viwili vyote. Niliwauza wiki hiyohiyo, na chakula chao nikawaachia wale kumi.