Majina 187, karatasi moja, safu nne

Januari ya kwanza niliyopewa kazi ya kubandika orodha ya wanafunzi wa bweni, nilimkuta mzee mmoja mbele ya ubao wa matangazo, begi la binti yake begani. Kidole chake kilikuwa kimeipitia karatasi yangu zaidi ya mara moja.

"Mwalimu, mwanangu hayumo humu."

Alikuwemo. Jina lake linaanza na R, na mimi nilikuwa nimepanga majina yote kwa alfabeti, sikuruka hata moja. Kosa lilikuwa kwenye namna nilivyoyajaza. Nilichora jedwali lenye safu nne, nikaandika jina la kwanza, nikabonyeza Tab, nikaandika la pili, nikabonyeza Tab, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kwa hiyo safu ya kwanza ilibeba jina la 1, la 5, la 9, la 13. Kila safu ikawa na alfabeti yake kamili kuanzia A hadi Z. Yule mzee alishuka na safu ya kwanza kama mtu yeyote angefanya, akazifikia R, akaona zimeisha na kuingia S bila jina la bintiye. Angeendelea kutafuta nini tena? Binti alikuwa safu ya tatu, kwenye mstari ule ule alioupita.

Tangu siku hiyo majina yangu yanashuka: safu ya kwanza inajaa hadi chini, ndipo ya pili inaanza. Jicho la mtu anayetafuta jina lake hufuata herufi za mwanzo zilizopangana wima. Ukiyalaza majina kwa upana unamlazimisha aruke pengo baada ya kila neno, na hakuna anayefanya hivyo akiwa amesukumwa na watu kumi nyuma yake.

Sasa nikueleze ninavyoipanga, kwa orodha ya kweli niliyokuwa nayo: wanafunzi 187, kila mmoja na herufi ya bweni lake, A hadi F. Kwanza niliamua kutogawanya orodha kwa mabweni. Mtoto anayeripoti hajui bweni lake, hilo ndilo alilokuja kulitafuta. Anachokijua ni jina lake. Basi orodha ni moja, na bweni linakaa mwisho wa mstari.

Kabla ya kuwasha kompyuta nashika kalamu. A4 iliyosimama ina upana wa milimita 210 na urefu wa 297. Ukiacha pambizo ya milimita 15 kila upande, na milimita 25 za kichwa cha habari, unabaki na urefu wa 242. Majina 187 kwa safu tatu ni mistari 63. Gawanya 242 kwa 63, kila mstari unapata chini kidogo ya milimita 4, yaani fonti ya pointi 9. Kwenye meza inasomeka. Ubaoni, kwa mzee aliyeacha miwani nyumbani, haisomeki. Nikailaza A4 ile ile na kujaribu safu nne, mistari ikazidi kubanana kwa sababu urefu umepungua.

Kwa hiyo nikaenda A3 iliyolala: 420 kwa 297. Toa pambizo zile zile na milimita 30 za kichwa, unabaki na upana wa 390 na urefu wa 237. Safu nne zenye mapengo ya milimita 8 katikati zinaipa kila safu milimita 91 na nusu. 187 kwa 4 ni 46 na baki 3, na baki hiyo inagawiwa moja moja kwa safu za mwanzo: 47, 47, 47, 46. Kila mstari unapata milimita 5, fonti ya pointi 12 inaingia.

Hapo usisherehekee bado, kwa sababu urefu ni nusu tu ya hesabu. Majina yetu ni matatu matatu, na refu kuliko yote kwenye orodha ile lilikuwa na herufi 31 ukihesabu na nafasi. Kwa herufi ndogo za kawaida, herufi moja hula takriban nusu ya ukubwa wa fonti, kwa hiyo jina lile linahitaji kama milimita 66. Ongeza milimita 9 za namba na 15 za bweni, unafika 90. Limepita kwenye tundu la sindano. Lakini orodha niliyoletewa ilikuwa YOTE KWA HERUFI KUBWA, kama orodha nyingi za ofisini zilivyo. Herufi kubwa ni pana zaidi, jina hilo hilo linafika karibu milimita 87 peke yake. Halitoshi, linavunjika na kuangukia mstari wa pili, linasukuma wenzake chini, na safu zako zilizolingana zinaharibika kwa ajili ya mtu mmoja.

Nilishawishika kupunguza fonti. Nikapunguza herufi kubwa badala yake. Majina yalikuwa Excel, nikaandika hivi pembeni na kuvuta chini:

```
=PROPER(TRIM(A2))
```

TRIM inafuta nafasi zilizobaki mbele na nyuma ya jina. Usiiache, maana jina lililotanguliwa na nafasi tupu hupanda juu ya A zote ukipanga alfabeti. PROPER inabakiza herufi kubwa mwanzo wa kila jina, ila ina ujinga wake: herufi yoyote inayofuata alama isiyo herufi nayo inaipandisha. Ng'wandu anatoka Ng'Wandu. Kwa shule yenye watoto wengi wa Kisukuma utakutana na hili kila ukurasa. Nakili matokeo, yabandike kama thamani tupu, kisha tafuta `'W` ubadilishe kuwa `'w` huku umeweka alama kwenye `Match case`. Ndipo upange alfabeti.

Kwenye Word, ukubwa wa karatasi ni `Layout`, `Size`, `A3`, halafu `Orientation`, `Landscape` ili ilale, na `Margins` za milimita 15. Andika kichwa cha habari, kisha `Layout`, `Breaks`, `Continuous`, ili kichwa kibaki kimetanda juu ya safu zote. Bandika majina, weka namba, halafu `Columns`, `More Columns`, nne, na uwashe `Line between` upate mstari mwembamba kati ya safu. Mwisho wa jina la mwisho weka `Continuous` nyingine. Hii ya pili ndiyo watu wengi hawaijui, na ndiyo inayofanya kazi yenyewe: bila hiyo Word hujaza safu ya kwanza hadi chini kabisa, ya pili vivyo hivyo, na kukuachia ya nne yenye majina pungufu yanayoning'inia. Ukiiweka, inazilinganisha papo hapo. Nimeona watu wakisukuma majina kwa kubonyeza Enter mpaka yavuke safu. Siku akiongezeka mtoto mmoja, matundu yote yale yanahama na kutokea katikati ya orodha.

Jambo la mwisho kwenye Word ni nafasi kati ya mistari. Word huwa na desturi ya kuacha nafasi baada ya kila aya, na kila jina kwake ni aya. Fungua `Paragraph`, weka `After` iwe 0, na `Line spacing` iwe `Exactly`. Mwanzoni niliweka pointi 14. Mistari 47 ikakaa vizuri. Siku mbili baadaye wakaripoti watatu zaidi, wakawa 190, sasa inahitajika mistari 48, na mistari 48 ya pointi 14 inazidi zile milimita 237 kwa unywele. Karatasi ya pili ikatoka printa ikiwa na majina mawili matatu. Nikashusha hadi 13.5, zikaingia hadi 49 kwa safu, yaani nafasi ya watu 196. Siku hizi naanza na 13.5 moja kwa moja. Januari haijawahi kufungwa siku ya kwanza.

Anayependa kubaki Excel anaweza. Majina yakiwa kwenye karatasi ya kazi iitwayo Majina, kuanzia A1 bila kichwa, andika hii kwenye A1 ya karatasi nyingine, ivute hadi D, kisha chini hadi mstari wa 47:

```
=IFERROR(INDEX(Majina!$A$1:$A$187,ROW()+(COLUMN()-1)*47),"")
```

Inashusha majina kama inavyotakiwa, na IFERROR inaficha kosa kwenye kisanduku cha mwisho kabisa, ambacho hakina mtu. Idadi ikibadilika lazima ubadilishe 187 na 47 kwa mkono. Fahamu pia kwamba fomula hii haigawi baki kwa haki: wakiwa 185 itatoa 47, 47, 47, 44, wakati kwa mkono ungepata 47, 46, 46, 46. Ubaoni hakuna atakayelalamika.

Kabla ya kuchapa naangalia namba nne tu, zile za chini ya kila safu: 47, 94, 141, 187. Zikiwa hivyo, hakuna jina lililovunjika wala kupotea njiani. Kisha naihifadhi kama PDF, maana nilipopeleka faili la Word kwenye stesheneri mjini, kompyuta yao haikuwa na fonti yangu, ikaweka ya kwake iliyo pana zaidi, na majina yakavunjika palepale.

Kama hakuna printa ya A3 karibu, usikate tamaa na kurudi kwenye fonti ya 9. Chapa ile A3 ikiwa imepunguzwa kuingia A4, kisha mwambie mtu wa fotokopi aikuze asilimia 141 kwenye karatasi ya A3. Inarudi ukubwa wake kamili. Herufi zinafifia kidogo, kwa hiyo mpe nakala iliyochapwa vizuri, asiikuze fotokopi ya fotokopi.

Pambizo za milimita 15 nilizozitaja zina sababu ambayo niliijua kwa hasara. Ubao wetu una fremu ya mbao na kioo, na fremu inakula kama sentimita moja ya kila ukingo. Mwaka mmoja nilibana pambizo nipate fonti kubwa, fremu ikafunika mistari ya chini ya safu zote nne. Pini nazo zinahitaji pembe tupu, la sivyo zinatoboa jina la kwanza kabisa, na huyo huwa ni Abdallah au Abdul kila mwaka.

Ibandike chini kuliko unavyodhani. Mimi huweka katikati ya karatasi usawa wa kidevu changu. Wanaoisoma zaidi ni watoto wa kidato cha kwanza, na yule mzee mwenye begi aliinama bila shida.