C ikiwa hasi, usiandike eneo hilo

Sampuli yangu ya kwanza ya zeolaiti 13X, unga wa fuwele zenye vitundu vidogo mno, niliipima eneo la uso kwa gesi ya naitrojeni katika maabara moja hapa Mombasa, na mashine ikanipa mita za mraba 397 kwa gramu. Nikaiandika namba hiyo kwenye ripoti. Niliyopaswa kuandika ni 690, na makosa yote mawili yalikuwa yangu.

La kwanza ni la mizani. Zeolaiti hunyonya maji ya hewani kwa pupa, na hewa ya pwani yetu haikauki. Nilitia gramu 0.210 kwenye tyubu, nikaipasha moto usiku kucha kwa nyuzi 350 ndani ya vakyumu, kisha nikaingiza uzito uleule kwenye kompyuta. Zeolaiti yenyewe ilikuwa gramu 0.164 tu, iliyosalia ilikuwa maji. Pima baada ya kukausha, ukitoa uzito wa tyubu tupu. Na joto lipandishe polepole, utue kwenye nyuzi 100 kwanza, maana mvuke wa ghafla hurusha unga na huweza kuharibu fuwele.

Nilipobadilisha uzito nikapata 508. Bado ndogo.

Kosa la pili ndilo linalowapata wengi. Programu ilichukua pointi za kawaida za BET, mlinganyo unaokokotoa eneo kutokana na gesi iliyonyonywa: p/p0, yaani shinikizo la gesi likigawanywa kwa shinikizo linaloigeuza kimiminika, kutoka 0.05 hadi 0.30. Lakini milango ya vitundu vya 13X ina upana wa nanomita 0.74 hivi, kwenye baridi ya naitrojeni, kelvini 77, vitundu hujaa kabla ya kufika 0.05. Grafu ya gesi iliyonyonywa inaruka juu mara moja, kisha inalala. Ukipitisha mstari wa BET kwenye sehemu iliyolala, unakata mhimili chini ya sifuri na C, namba isiyobadilika ya mlinganyo huo, inatoka hasi. Yangu ilikuwa −74. C hutokana na nguvu ya ukuta kuishika gesi, kwa hiyo haiwezi kuwa hasi.

Fanya hesabu hii kwa kila pointi, V ikiwa ujazo wa gesi iliyonyonywa, sentimita za ujazo kwa gramu:

```
V × (1 − p/p0)
```

Kwangu, kwenye 0.03 ilikuwa 163 × 0.97 = 158.1. Kwenye 0.05 ikashuka hadi 156.8, na kwenye 0.30 ikawa 120.4. Tumia pointi zile tu ambazo jibu bado linapanda. Nilipoishia 0.03, C ikawa chanya na ujazo wa tabaka moja la gesi ukawa 158.5, ambao mara 4.35, mita za mraba zinazofunikwa na kila sentimita ya ujazo ya naitrojeni, ni 690.

Hata hiyo 690 ichukueni kama kipimo cha kulinganisha sampuli. Ndani ya kitundu chembamba namna hii gesi hujaza nafasi, haijipangi tabaka moja ukutani.

Kuhusu ukubwa wa vitundu, BJH, njia ya kawaida ya kuukokotoa kutokana na vipimo hivihivi, haifai chini ya nanomita 2. Na ukiona kilele cha nanomita 3.8 kwenye mkondo wa kushusha shinikizo, angalia mkondo wa kupandisha. Kisipoonekana huko, hicho si kitundu: ni naitrojeni iliyonaswa ikifumuka yote pamoja karibu na p/p0 0.42.