Suluhisho naelewa, nikifunga daftari sijui kitu: nilivyotoka hapo kwenye titresheni

"Wakuu, niko kidato cha nne. Swali la titresheni likiwa na suluhisho pembeni naelewa mstari kwa mstari. Nikifunga daftari nikapewa jingine, nakwama mstari wa pili. Mwalimu anasema niache kabisa kutazama suluhisho. Ni kweli?"

Mdogo wangu, usiache. Mwalimu wako ameona ugonjwa sawasawa, ila dawa aliyokupa siyo niliyopona nayo mimi. Swali la hatua tano usilowahi kuona likifanywa litakumaliza akili kwa kutafuta pa kuanzia tu, na ukibahatisha jibu hutajua ulipitia wapi. Soma suluhisho, tena zima. Shida iko kwenye kile unachofanya ukishalimaliza.

Mimi Kemia niliirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, na leo nafundisha twisheni jioni, kwa hiyo hili nimeliona pande zote mbili za meza. Tuchukue swali moja tulitafune. Gramu 2.86 za fuwele za sodiamu kaboneti, Na2CO3·xH2O, zimeyeyushwa kwenye maji hadi kufika sm³ 250. Pipeti imechota sm³ 25 za myeyuko huo, na kwa kiashiria cha MO zikahitaji sm³ 20 za HCl ya 0.1 M. Tafuta x. Suluhisho lake liko hivi:

```
n(HCl)               = 0.1 × 20/1000 = 0.002
n(Na2CO3) sm³ 25     = 0.002 ÷ 2     = 0.001
n(Na2CO3) sm³ 250    = 0.001 × 10    = 0.01
masi ya moli         = 2.86 ÷ 0.01   = 286
106 + 18x = 286,  x  = 10
```

Wewe hapo unasema umeelewa, na kweli umeelewa, maana kila mstari ni kuzidisha au kugawanya. Sasa chukua kalamu nyekundu uzungushie namba ambazo swali halikukupa. Mimi naona 2, 10, 106 na 18. Kila moja iulize mambo mawili: umetoka wapi, na ni kitu gani kwenye swali kikibadilika na wewe utabadilika? Swali la kwanza wengi hujiuliza. La pili ndilo lililonitoa.

Ile 2 imetoka kwenye mlinganyo, Na2CO3 + 2HCl → 2NaCl + H2O + CO2. Ukibadilisha asidi, huenda ikabadilika. Ile 10 haina uhusiano wowote na kemia, ni 250 kugawanya kwa 25, yaani chupa kwa pipeti. Ukibadilisha chombo inabadilika. 106 ni Na2CO3 kavu, na 18 ni maji.

Kuna mstari mmoja watu wanaupita mbio, nami niliupita miaka. Ni ule wa nne. Mbona tunagawanya gramu za fuwele nzima, pamoja na maji yake, kwa moli za kaboneti peke yake? Ni kwa sababu kila kipande kimoja cha Na2CO3·xH2O kimebeba Na2CO3 moja tu, haidhuru kina maji kiasi gani. Ukihesabu kaboneti umeshahesabu fuwele. Ni kama kuhesabu abiria wa bodaboda kwa kuhesabu kofia za madereva, alimradi kila boda imebeba abiria mmoja. Mpaka uweze kumweleza mtu mstari huo bila kutazama, suluhisho bado hujalisoma.

Sasa nikwambie yaliyonikuta. Kabla ya mtihani wa majaribio nilikuwa nimefanya maswali kama ishirini ya aina hii, yote chupa ya 250 na pipeti ya 25. Kwenye mtihani likaja la chupa ya sm³ 100: gramu 1.43 za fuwele, na sm³ 25 zikahitaji sm³ 25 za HCl ya 0.1 M. Mkono ukaenda wenyewe. Moli za asidi 0.0025, nusu yake 0.00125, nikazidisha kwa 10 kama kawaida nikapata 0.0125. Masi ya moli ikawa 114.4. Nikatoa 106, nikagawanya kwa 18, x ikawa 0.47. Nikaandika 0.5 na kusonga mbele. (Zipo fuwele zenye nusu molekuli ya maji, plasta ya Paris ni mojawapo, lakini mimi sikuwa najua hilo. Nilikuwa nataka kumaliza.) Hapo ilitakiwa kuzidisha kwa 4, unapata 0.005, masi 286, x ni 10 ile ile.

Maswali ishirini yale hayakunifundisha kitu kwa sababu yalibadilisha namba tu. Ukigeuza 20 kuwa 22.5 unafanyisha mazoezi kikokotoo. Badilisha kitu ambacho kitaigusa moja ya zile namba za kalamu nyekundu, halafu ufanye swali jipya kwenye karatasi tupu, daftari likiwa chumba kingine. Usifanye muda ule ule uliomaliza kusoma suluhisho, maana bado liko machoni. Mimi huwa nawaambia vijana wangu kesho yake.

Kutunga swali lililobadilishwa si kazi kubwa ukianzia mwisho. Amua x, amua moli za fuwele, piga gramu, kisha rudi nyuma mpaka kwenye ujazo wa asidi. Ubaya wake ni kwamba jibu unalijua. Ndiyo maana ni vizuri kutunga na mwenzako mkabadilishana, yeye afanye la kwako na wewe la kwake.

Hili hapa nilitungiwa na rafiki yangu, na bado nalipenda kwa ubaya wake. Fuwele za magadi zimeachwa kopo wazi, zimepoteza maji zikawa unga mweupe. Gramu 1.24 za unga huo zimeyeyushwa hadi sm³ 250. Sm³ 25 zimehitaji sm³ 10 za asidi ya salfuriki, H2SO4 ya 0.1 M, kiashiria MO. Tafuta x.

Moli za asidi ni 0.001. Aliyekariri "gawanya kwa mbili" anapata 0.0005, mara 10 ni 0.005, masi ya moli 248, na x inatoka 7.9. Anaikadiria kuwa 8, anachora mistari miwili chini ya jibu, anafurahi. Aliyeandika mlinganyo kwanza anaona Na2CO3 + H2SO4 → Na2SO4 + H2O + CO2, moja kwa moja, hakuna cha kugawanya. Moli 0.01, masi 124, x ni 1. Na kweli magadi ya fuwele yakikaa hewani hupungua kutoka molekuli kumi za maji hadi moja.

Ona jinsi kosa lilivyojificha. Mtihani wa "x lazima iwe namba nzima" ungenifaa kwenye 0.47, lakini 7.9 inaupita. Hata ukijumlisha gramu za kaboneti na za maji ili uone kama zinarudi 1.24, zitarudi vizuri tu, kwa sababu maji umeyapata kwa kutoa. Hesabu hiyo inakamata makosa ya kikokotoo, haikamati uwiano mbovu. Kinachoukamata ni kupita njia nyingine kabisa: hesabu haidrojeni. Kila molekuli ya H2SO4 inatoa H⁺ mbili, kwa hiyo moli 0.001 zinatoa 0.002. Kila kaboneti inameza mbili. Basi kaboneti ni 0.001, siyo 0.0005. Fanya hivyo kabla hujafungua jibu. Ukizoea kufungua jibu kwanza, chumba cha mtihani kitakushangaza, kule hakuna pa kufungua.

Ukikwama katikati je? Utakwama. Usilivute daftari lote. Andika pembeni kwa maneno yako kile unachokosa, mfano "nina moli za sm³ 25, nataka za chupa nzima". Mara nyingi ukishaandika hivyo mstari unakuja wenyewe. Usipokuja, funika suluhisho la zamani kwa karatasi, lishushe mpaka uone mstari mmoja tu, funika tena, endelea. Swali hilo lakini usilihesabu kuwa umeliweza. Weka alama kwenye mstari uliochungulia, na kesho kutwa utungiwe jingine linalogusa mstari huo huo. Kijana mmoja niliyemfundisha alikuwa na alama saba mfululizo, zote kwenye kutoka pipeti kwenda chupa. Siku nne tukafanya chupa na pipeti tu, hata asidi hatukuigusa.

Kuna mahali njia hii inagota. Chukua swali letu la kwanza, usibadilishe chochote isipokuwa kiashiria: weka POP badala ya MO. Rangi ya waridi itapotea kwenye sm³ 10, si 20. Hapo kaboneti imefika nusu ya safari, Na2CO3 + HCl → NaHCO3 + NaCl, na uwiano ni moja kwa moja ingawa asidi ni ile ile HCl. Hakuna namna ungeligundua hilo kwa kutazama suluhisho la MO hata ungekesha. Badiliko likileta mlinganyo usiowahi kuuona, usijitese masaa mawili ukidhani huna akili. Tafuta suluhisho jingine kamili la aina hiyo, anza upya na kalamu nyekundu.

Nakuachia hili, lifanye kesho jioni, daftari likiwa mbali. Gramu 5.72 za fuwele zenye x sawa na 10 zimeyeyushwa hadi sm³ 500. Umechota sm³ 20, kiashiria MO. Zitahitaji sm³ ngapi za H2SO4 ya 0.05 M? Ukipata 32, rudi kwenye ile 2 ya kalamu nyekundu, umekuja nayo mfukoni.