Kwa nini Yankee yenye mshindi mmoja hailipi chochote

Swali: "Niliweka Yankee ya shilingi 1,100 na ni Tusker pekee iliyoshinda, odi 2.00. Mbona sikulipwa hata 200? Trixie ingenisaidia?"

Ndugu yangu, hukudhulumiwa. Yankee ya timu nne ni beti 11 zilizofungwa pamoja: sita za timu mbili mbili, nne za timu tatu tatu, na moja ya timu zote nne. Beti ya timu moja haimo. Dau lako liligawanywa sawasawa, kila mstari ukabeba shilingi 100. Tusker ilikuwemo katika mistari saba kati ya hiyo 11, lakini katika kila mmoja wa hiyo saba iliandamana na angalau timu moja iliyopoteza, kwa hivyo yote saba ilichanika; minne iliyobaki haikuwa na Tusker kabisa.

Nilihudumia wateja kwenye dirisha la duka la kubeti hapa River Road kwa muda mrefu, na hili ndilo lalamiko lililoletwa kuliko yote, hasa Jumapili asubuhi. Kilichosaidia ni kugeuza risiti ya mteja na kumwandikia jozi zote sita kwa kalamu, moja chini ya nyingine, kisha kumwomba akate kila jozi yenye timu iliyopoteza. Akishakata zote sita, haulizi tena kuhusu mistari ya timu tatu, kwa kuwa ameona mwenyewe kwamba haiwezi kusimama ikiwa jozi zimeanguka.

Tuchukue mfano kamili. Tuseme Tusker ilikuwa na odi 2.00, na zile nyingine tatu zilikuwa 1.80, 2.10 na 1.90. Wakishinda wawili, Tusker na yule wa 1.80, mstari mmoja tu ndio unaolipa: 100 mara 2.00 mara 1.80, yaani shilingi 360. Umebashiri nusu ya mkeka sawasawa na bado umepoteza 740. Wakishinda watatu, pamoja na yule wa 2.10, unapata jozi tatu zinazolipa 360, 420 na 378, na mstari mmoja wa timu tatu unaolipa 756. Jumla ni 1,914, kabla ya makato yoyote ya kodi. Hapo ndipo Yankee ya odi ndogo kama hizi inapoanza kukurudishia zaidi ya ulichotoa.

Ili washindi wawili pekee warudishe dau zima la Yankee, odi zao zikizidishwa lazima zifike 11, kwa sababu jozi moja inabeba gharama ya mistari yote. Hiyo ni takriban 3.32 kwa kila timu. Ndiyo maana naona Yankee haifai kabisa kwa timu zinazopewa nafasi kubwa ya kushinda, ingawa hizo ndizo watu wengi huzijaza humo.

Trixie ina timu tatu na mistari minne: jozi tatu na mmoja wa timu zote tatu. Mshindi mmoja hapo pia analipa sifuri, kwa hivyo Tusker peke yake isingekuokoa. Tofauti inaonekana kwa washindi wawili, maana odi zao zikizidishwa zinahitaji kufika 4 tu, yaani 2.00 kwa 2.00. Kwa dau lako la 1,100 kila mstari ungebeba 275, na wale wawili wa 2.00 na 1.80 wangelipa 990 badala ya 360.

Ukitaka mshindi mmoja alipe, tafuta Patent, ambayo ni Trixie iliyoongezewa beti tatu za timu moja moja, jumla mistari saba. Au Lucky 15, ambayo ni Yankee iliyoongezewa nne. Lakini hesabu kwanza: Lucky 15 ya shilingi 100 kwa mstari inagharimu 1,500, na Tusker peke yake ingekurudishia 200. Kwenye Patent, mshindi mmoja hurudisha dau lote akiwa na odi 7.00.

Kuna hali moja ambapo Yankee yenye mshindi mmoja hulipa. Mechi ikifutwa, kwa kawaida kampuni huihesabu kuwa odi 1.00. Kama mojawapo ya zile mechi zako nyingine tatu ingefutwa, jozi yake na Tusker ingebaki hai na kulipa 100 mara 2.00 mara 1.00, yaani zile 200 ulizokuwa ukizitarajia. Sheria za kampuni hueleza mechi iliyoahirishwa husubiriwa kwa muda gani kabla ya kufutwa, na muda huo hutofautiana.

Kabla ya kuthibitisha, tazama pia kama kiasi unachoandika ni cha mstari mmoja au cha mkeka mzima. Ukiandika 100 kwenye Yankee inayohesabu kwa mstari, akaunti yako itakatwa 1,100.