Kwa nini miaka 400 ya kalenda ya Gregori hutimia majuma kamili

Swali: Papa Mhandisi, salamu kutoka Goma. Ninaandika programu ndogo ya kupanga kalenda za ukutani kwa ajili ya wachapaji fulani hapa mjini. Niliamini kwamba siku hujirudia kila baada ya miaka 28, lakini kuanzia mwaka 2100 programu yangu inakosea. Mwenzangu ananiambia nitumie miaka 400, eti hiyo haikosei kamwe. Kuna sababu gani, au ni bahati tu?

Jibu: Ni bahati, ndugu yangu, ila ni bahati ambayo mtu anaweza kuihesabu kwa kalamu na kuiona jinsi ilivyotokea.

Mwaka wa kawaida una siku 365, yaani majuma 52 na siku moja inayozidi. Ndiyo maana tarehe iliyoangukia Jumatatu mwaka huu itaangukia Jumanne mwaka ujao, isipokuwa pale tarehe 29 Februari inapojipenyeza katikati, kwani hapo tarehe hiyo husogea siku mbili. Kwa hiyo huna haja ya kuhesabu maelfu ya siku. Hesabu zile zinazozidi tu: moja kwa kila mwaka, na moja nyingine kwa kila 29 Februari iliyopitwa. Jumla ikigawanyika kwa saba bila baki, umerudi kwenye siku ileile ya juma.

Tujaribu kwanza miaka yako 28. Miaka 28 inatoa siku 28 zinazozidi, na miaka mirefu saba iliyomo inaongeza saba, jumla 35, ambayo ni majuma matano kamili. Ndiyo sababu kalenda ya 2024 ililingana na ya 1996 kuanzia Januari hadi Desemba. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa mradi kila mwaka wa nne uwe mrefu, na sharti hilo ndilo linalovunjika mwaka 2100, kwa kuwa mwaka unaofunga karne huwa mrefu pale tu unapogawanyika kwa 400. Mwaka 2000 uligawanyika. 2100, 2200 na 2300 haitagawanyika. Linganisha 2072 na 2100 ulione kosa lenyewe likizaliwa: miaka yote miwili inaanza siku ya Ijumaa na inakwenda sambamba hadi tarehe 28 Februari, ambayo ni Jumapili katika yote miwili. Siku inayofuata, mwaka 2072 una tarehe 29, lakini 2100 tayari umeingia tarehe 1 Machi. Nadhani programu yako inaiweka tarehe 1 Machi 2100 siku ya Jumanne, nayo kwa kweli ni Jumatatu.

Sasa tuchukue miaka 400. Miaka yenyewe inatoa siku 400 zinazozidi, ambazo ni majuma 57 na siku moja. Miaka mirefu ingekuwa 100 kama kila wa nne ungehesabiwa, lakini minne inayofunga karne inaondolewa na mmoja kati yake unarudishwa, hivyo inabaki 97. Nazo siku 97 ni majuma 13 na siku sita. Siku moja upande huu na siku sita upande ule hufanya juma zima. Hakuna upande hata mmoja unaogawanyika kwa saba peke yake, lakini mabaki yao yanakamilishana. Ukipenda kuhesabu siku zote badala ya zile zinazozidi, utapata 146097, yaani majuma 20871 bila siku hata moja pembeni. Katika Python unaweza kulithibitisha hivi:

```python
from datetime import date
n = (date(2360, 6, 30) - date(1960, 6, 30)).days
print(n, n % 7)   # 146097 0
```

Tarehe niliyoitumia kila Mkongomani anaijua. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, ilikuwa Alhamisi. Tuisindikize karne moja baada ya nyingine. Hadi 30 Juni 2060 kuna miaka 100 na miaka mirefu 25, kwa sababu mwaka 2000 umo na ni mrefu. Siku 125 zinaacha baki ya sita, na tarehe inafika Jumatano. Karne inayofuata inapita juu ya 2100, ambao si mrefu, kwa hiyo inatoa 124, baki ni tano, na mwaka 2160 tarehe hiyo ni Jumatatu. Tano nyingine zinaifikisha Jumamosi mwaka 2260, na tano za mwisho zinairudisha Alhamisi mwaka 2360. Sita na tano mara tatu ni 21, majuma matatu.

Kwa njia hiyohiyo utaona kwamba tarehe 1 Januari ya mwaka unaofunga karne ina siku nne tu za kuangukia: Jumamosi mwaka 2000, Ijumaa 2100, Jumatano 2200, Jumatatu 2300, kisha Jumamosi tena mwaka 2400. Jumapili, Jumanne na Alhamisi hazimo, wala hazitakuwamo maadamu kanuni ni hii.

Nimesema ni bahati, na inafaa nilithibitishe hilo, kwa sababu wengi hudhani kwamba waliotunga kalenda walikusudia majuma yatimie. Hawakukusudia. Kalenda ya zamani, ile ya Juliasi, ilikuwa na mwaka mrefu kila baada ya miaka mitatu ya kawaida bila kuruka hata mmoja, na mwaka wake uliuzidi mwaka wa jua kwa dakika kama 11. Dakika hizo zilirundikana hata kufikia karne ya 16 siku ambayo mchana na usiku hulingana ilikuwa imeteleza kutoka tarehe 21 Machi hadi karibu na tarehe 11, na tarehe ya Pasaka huhesabiwa kutokana na siku hiyo. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 aliamuru siku kumi ziondolewe na miaka mirefu mitatu ipunguzwe katika kila miaka 400. Juma lenyewe hawakuligusa: Alhamisi tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa tarehe 15 Oktoba.

Kilichotokea bila kutafutwa ni hiki. Katika kalenda ya Juliasi, miaka 400 ilikuwa na siku 500 zinazozidi, yaani majuma 71 na siku tatu. Baki ilikuwa tatu, na siku walizoziondoa kwa ajili ya jua zilikuwa tatu vilevile. Kama baki ingekuwa namba nyingine yoyote, tungelazimika kurudia miaka 400 mara saba, kwa kuwa saba ni namba tasa, na mzunguko ungekuwa wa miaka 2800. Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka kwa baadhi ya Makanisa ya Kiorthodoksi, ambayo tangu 1923 yalipendekezewa kalenda inayolifuata jua kwa karibu zaidi kuliko yetu: ndani ya miaka 900 miaka mirefu ni 218. Jumlisha 900 na 218, upate 1118, ugawanye kwa saba: inabaki tano. Kanuni hiyo ni bora kwa majira, lakini majuma yake hayatimii mpaka ipite miaka 6300.

Kutimia huko kwa miaka 400 kuna jambo moja ambalo mchapaji atalipenda. Kwa kuwa mzunguko unajirudia wenyewe, na 400 haigawanyiki kwa saba, haiwezekani Noeli iangukie siku zote za juma kwa usawa, hata tukingoja milele. Katika kila miaka 400 Noeli huangukia Jumapili, Jumanne na Ijumaa mara 58 kila moja, Jumatano na Alhamisi mara 57, Jumatatu na Jumamosi mara 56. Katika kalenda ya Juliasi usawa ulikuwapo, mara nne kwa kila siku ndani ya miaka 28. Tofauti ni ndogo, nami sidhani kuna mtu wa Lubumbashi au Goma aliyewahi kuihisi, lakini inaonyesha kwamba kujirudia barabara na kugawanya sawasawa ni mambo mawili.

Kwa programu yako, basi, usihifadhi mzunguko wa miaka 28 popote. Aina za kalenda ya mwaka mzima ni 14 tu, saba za mwaka wa kawaida na saba za mwaka mrefu. Chukua mwaka, utafute baki yake baada ya kuugawa kwa 400, kisha baki hiyo ndiyo ikuambie aina ipi itumike. Mwaka 2360 na mwaka 1960 vyote vinaacha 360, kwa hiyo vitachapwa kwa sahani ileile.

Kuna mahali pawili ambapo mwenzako amezidisha aliposema haikosei kamwe. Kwanza, mzunguko huu unahusu tarehe na siku za juma peke yake. Kama kalenda zako zinaonyesha Pasaka, Majivu au Pentekoste, usizinakili kutoka miaka 400 iliyopita, kwa sababu tarehe hizo hufuata pia hesabu ya mwezi, na mpangilio wote wa Pasaka hurudi ulivyokuwa baada ya miaka 5700000. Idi nazo zifanyie hesabu yake mbali. Pili, ukirudi nyuma kupita Oktoba 1582, hesabu itaendelea kukupa majibu, lakini tarehe utakazozipata si zile walizoziandika watu wa wakati huo.

Jihadhari pia na chombo unachokilinganisha nacho. Ukihakiki kwa Excel, ujue kwamba inakubali 29/02/1900, siku ambayo haikuwapo, na kwa sababu hiyo siku zake za juma za Januari na Februari 1900 ziko nyuma kwa moja: tarehe 1 Januari 1900 ilikuwa Jumatatu, nayo inaiita Jumapili. Kuanzia 1 Machi 1900 iko sawa. Mimi ningeijaribu programu kwa tarehe tatu tu kabla ya kumkabidhi mchapaji: 29 Februari 2000 iwe Jumanne, 1 Machi 2100 iwe Jumatatu, na 29 Februari 2400 iwe Jumanne. Ikipita ya kwanza na kushindwa ya pili, bado inauhesabu mwaka 2100 kuwa mrefu. Ikipita hizo mbili lakini ikadai kwamba 29 Februari 2400 haipo, umeiambia iruke kila mwaka unaofunga karne ukasahau kuirudishia ule wa nne.